Mzee wa Kibanda cha Video Nkwenda Kaandika Barua: "Watu Hawakuwa Wanaangalia Chochote Tu"

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, leo nina barua. Ila kabla ya barua lazima nianze na kauli moja, maana ndiyo iliyoileta.

Kuna dairekta mmoja wa Bongo, jina nalihifadhi kama kawaida yetu, mkivuta kumbukumbu mtamjua wenyewe. Juzi kati kaulizwa kwenye mahojiano kwa nini muvi zake haziendi mikoani. Akajibu kwamba vijijini hakuna shida, wale "wanaangalia chochote tu, mradi kuna ngumi". Watangazaji wakacheka, wakapiga wimbo, maisha yakaendelea.

Sasa kule Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, Kagera, kuna mzee aliyekuwa na kibanda cha video. Mjukuu wake wa kike kamsikilizisha kile kipande kwenye simu. Mzee hakucheka. Kachukua daftari, kaandika kurasa nne kwa mkono, mjukuu akazipiga picha zikaingia inboksi kwangu. Kaomba jina lisitoke, kwa hiyo hapa tutamwita Mzee.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane muda: Mzee yuko sahihi, dairekta kachemka. Na sababu ni ndogo tu. Dairekta anaangalia muvi yake. Mzee alikuwa anaangalia watu.

Kwa wasioijua Nkwenda, ni mji mdogo wa kahawa na ndizi, karibu na mpaka wa Uganda. Zamani kule kote ilikuwa wilaya ya Karagwe, Kyerwa ikakatwa mwaka 2012. Enzi anazosimulia Mzee, umeme wa gridi ulikuwa bado. Kibanda chake kilikuwa cha udongo na bati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili watoto wasipige chabo, mabenchi ya kukaa watu 60, tiivii ya inchi 21, deki ya kanda, na jenereta ndogo nyuma ya nyumba inayopiga kelele kama pikipiki mbovu.

Haya, Mzee anaanza hivi:

"Kijana wangu, nakusalimu. Huyo bwana aliyesema watu wa kwetu wanaangalia chochote, mwambie mimi nilikaa miaka 12 pembeni ya deki, uso wangu ukiwatazama wao, mgongo ukiwa ukutani. Picha yenyewe nilikuwa nimeshaiona nyumbani. Nilichokuwa naangalia ni sura zao. Mtu anayeangalia chochote huwezi kumsikia akikohoa. Ukiona watu watatu wanakohoa kwa zamu na mmoja anauliza ni saa ngapi, jua picha imekushinda, na dakika kumi baadaye wataanza kutoka."

Wadau, nimeisoma hiyo sehemu mara tatu. Huyu mtu alikuwa na kipimo chake cha watazamaji kabla ya laiki na vyu, na kipimo chake hakidanganyi kwa sababu hakuna anayekohoa kwa unafiki.

Halafu anaelezea alivyokuwa anachagua. Kanda alikuwa anazikodi mjini, Kayanga au Bukoba, nyingine zinaingia kutoka Uganda kupitia Murongo. Akizileta, haziendi kibandani moja kwa moja.

"Nilikuwa naangalia kwanza peke yangu, sauti nimeizima kabisa. Watu wangu wengi Kiingereza hawajui, Kihindi hawajui, Kichina hawajui. Kama mimi bila sauti nimeelewa nani kamkosea nani, na wao wataelewa. Kama dakika 15 zimepita sijui nani ameonewa, kanda narudisha, hata kama jaladani kuna mtu kashika bunduki. Jalada linadanganya. Mwenzangu mmoja alikuwa na kibanda chake mtaa wa pili, akaleta picha ya Kimarekani kwa ajili ya jalada. Kumbe mwenye bunduki anaonekana mara moja tu, kisha ni mahakama na watu wa tai wanaongea mpaka mwisho. Watu walimdai hela zao, na wiki mbili kibanda chake kilikuwa kitupu."

Hapo kwenye "nani ameonewa" ndipo siri ilipo. Dairekta anasema watu wanataka ngumi. Mzee anasema hapana, watu wanataka sababu ya ngumi. Anatoa mfano wa Kickboxer ya Van Damme, ya mwaka 1989. Kaka mtu anavunjwa mgongo ulingoni na adui, hatembei tena, na mdogo mtu anakwenda kujifunza ili amlipizie. Hiyo huhitaji Kiingereza. Hata Commando ya Schwarzenegger, ya mwaka 1985, imebebwa na kitu kimoja: mtoto wa kike wa stelingi katekwa. Mzazi yeyote aliyekaa kwenye benchi anajua kwa nini yule mtu anaua watu wote wale.

"Zilikuwepo picha zina ngumi mwanzo mpaka mwisho," anasema Mzee, "na watu walilala. Wanapigana, lakini hujui wanagombania nini. Ni kama kukuta watu wasiokuhusu wanapigana sokoni. Utasimama kidogo, utaondoka."

Sasa twende kwenye hesabu, maana kuna watu wanadhani kibanda kilikuwa starehe. Kiingilio kilikuwa shilingi 100. Mzee alikuwa anahesabu kila kitu kwa vichwa, yaani watu waliolipa. Lita moja ya petroli ilikuwa vichwa vinane, na lita hiyo ilimpeleka kama saa moja na nusu. Kukodi kanda ilikuwa vichwa vitano. Kwa hiyo urefu wa picha ulikuwa hela.

Jumapili moja ya msimu wa kahawa, watu wameshapata malipo, alikuwa na kanda mbili mezani. Moja Kickboxer, inayokaribia kuisha na lita moja. Nyingine picha la Kihindi, Karan Arjun, la mwaka 1995, karibu masaa 3. Mtu wa haraka angeweka Kickboxer. Msikilize yeye alivyopiga hesabu:

"Kickboxer najua nitapata vijana 35, walewale wa kila siku. Mafuta vichwa vinane, kanda vitano, zinanibakia hela za vichwa 22. Nikiirudia mara ya pili, hao vijana hawalipi tena, nitapata watu kumi na mafuta yatakula vinane. Karan Arjun itakula lita mbili, vichwa 16, na kanda vitano, jumla 21. Nikiwapata vijana peke yao ni hasara ukilinganisha. Lakini hii picha ina mama. Nikasema, leo nawatafuta wanawake."

Kwa wasioijua Karan Arjun: mama maskini ana vijana wake wawili, tajiri mmoja wa ukoo wao anawaua mbele yake kwa sababu ya urithi. Yule mama anakataa kukubali kwamba wamekwenda moja kwa moja. Watoto wanazaliwa upya sehemu mbili tofauti, wanakua (ni walewale Salman Khan na Shah Rukh Khan), mwisho wanarudi kwa mama yao na kumlipizia. Bila sauti, kwa kipimo cha Mzee, robo tatu ya hiyo picha unaielewa. Ardhi, urithi, ndugu mbaya, mama anayengoja. Niambie hapo Nkwenda au Kagera nzima ni kitongoji gani hakina hiyo kesi.

Ila robo moja inagoma, pale pa kuzaliwa upya. Ukizima sauti unaona watu wamekufa, halafu watoto wachanga, halafu sura zilezile zimekuwa vijana tena. Mtu atadhani kanda imerukwa. Mzee alikuwa na dawa yake.

"Deki ilikuwa na namba zinazotembea kadri kanda inavyokwenda. Kanda ikiwa mwanzo kabisa naweka sifuri. Nyumbani nikiangalia, naandika kwenye daftari namba za sehemu mbili. Kwanza, sehemu ambayo watu watapotea. Namba ikifika nasimama, nasema sentensi moja tu, hawa ni walewale wamezaliwa tena, nakaa. Ukisema mbili umeharibu. Pili, sehemu ya watu kuvuliana nguo. Hapo namba ikikaribia nakaa na kidole tayari, napeleka mbele. Vijana watapiga kelele, lakini mama wa watu akiona hiyo mbele ya mtoto wake harudi tena, na ataondoka na wenzake kumi. Namba hizo zilikuwa za deki yangu. Ukipeleka daftari langu kwenye deki ya mtu mwingine hazikubali, kila deki inahesabu yake."

Mnaona hiyo kazi? Kabla ya kuonyesha saa 9 mchana, huyu mtu ameshakaa masaa matatu usiku wake akiandika namba.

Na bado hajamaliza. Picha ya wanawake haitangazwi kama ya vijana. Vijana walikuwa wanasoma kibao cha chaki mlangoni. Kwa wanawake alimfuata mama mmoja anayeuza ndizi gulioni, akamsimulia mwanzo wa hadithi mpaka watoto wanapouawa, akanyamaza. Mama akauliza, ikawaje? Mzee akamwambia njoo Jumapili baada ya kanisa. Yule mama ndiye alikuwa tangazo. Siku yenyewe Mzee akaweka mchana badala ya usiku, mlango wa upande akauacha wazi upitishe hewa, na sigara akapiga marufuku. Watoto wa kupakatwa hawakulipa.

Walilipa watu 58. Toa 21, zikabaki hela za vichwa 37, dhidi ya 22 za Kickboxer. Kwenye ile sehemu ya kuzaliwa upya alisema sentensi yake moja, na watu wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Wengine wanasema wamefufuka, wengine wanasema ni roho za ukoo. "Nikawaacha," anaandika. "Watu wakibishana kuhusu picha ndani ya picha, hujawapoteza. Ukimya una aina mbili. Wa kuchoka, na wa kushika pumzi. Wa kuchoka una miguu inayosugua chini."

Sasa nirudi kwa dairekta wetu. Hao watu 58 ndio anaosema wanaangalia chochote. Watu ambao ukiwawekea picha isiyoeleweka wanadai hela. Ambao bila kujua neno la Kihindi wamekaa masaa 3 kwenye benchi lisilo na mgongo kwa sababu hadithi imewashika. Mimi naona hao ndio watazamaji wagumu kuliko mtu wa mjini aliyejilaza kwenye sofa, ambaye muvi ikimboa anachukua simu yake bila hata kuizima. Yule wa benchi hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa mlangoni, na akitoka Mzee alimwona.

Hapa lakini nataka kubishana kidogo na Mzee, maana siyo kila kitu nakubali. Kile kipimo cha kuzima sauti kilikuwa na ubaya wake. Muvi ambayo uzuri wake upo kwenye maneno, hata kama ni bora namna gani, isingefika Nkwenda. Kizazi kizima cha washikaji kikakua kinajua muvi ni mateke na kulia, basi. Na wanawake walipata Jumapili moja moja, siku nyingine zote kibanda kilikuwa cha wanaume, kwa sababu vijana ndio walilipa kila siku. Mzee mwenyewe anaandika wazi: "Anayelipa kila siku ndiye anayechagua, mimi nilikuwa mkono wake tu." Hiyo sentensi naiheshimu, lakini ukiwa mama unayependa muvi na mumeo haamini kibanda ni mahali pa mke wa mtu, haikusaidii.

Kilichobadilisha ni lugha. Zilianza kuja kanda zilizotafsiriwa. Kutoka Uganda zilikuja za Kiganda, na pale Nkwenda waliozielewa vizuri ni wale waliowahi kwenda kufanya kazi au biashara upande ule, kwa sababu Kinyambo kina undugu zaidi na Kinyankole kuliko Kiganda. Halafu zikaja za Kiswahili, za Lufufu. Wakubwa mnamjua. Yule jamaa alikuwa anaongea juu ya picha nzima, anaigiza sauti za wote, anaweka na maelezo yake. Hata muvi ya Kinaijeria kama Karishika aliisimulia upya kwa Kiswahili.

"Kanda ya Lufufu ilinipunguzia kazi na ilininyang'anya kazi," anasema Mzee. "Sikuhitaji tena kusimama kusema sentensi yangu. Na kipimo cha kuzima sauti kikafa, maana sasa hata picha ya maneno mengi inapita. Ikabidi nipime kingine. Nafunga macho, nasikiliza tu. Jenereta ikiwa inanguruma nyuma, maneno yanasikika au hayasikiki? Kanda iliyonakiliwa mara nyingi sauti yake inakuwa kama mtu yuko ndani ya debe. Hiyo hata iwe tamu vipi, benchi la nyuma halisikii, na benchi la nyuma likianza kuongea, la mbele nalo linapoteza."

Baadaye zikaja sidii, na Bongo Muvi zenyewe, enzi za Kanumba, Ray na Johari. Mzee anasema hapo ndipo alipojaza wanawake hata siku za kawaida. Hakuna ngumi, watu wanaongea sebuleni tu, na kibanda kimefurika. Dairekta unasoma hapa? Kijiji kilekile unachosema kinataka ngumi kiliacha ngumi chenyewe, mara tu kilipopata hadithi kwa lugha yake.

Swali linabaki, kwa nini leo hizo muvi haziendi? Mzee hasemi watu wamebadilika. Anasema kibanda kilibadilika kabla hakijafa.

"Dishi lilipokuja tukaanza kuonyesha mpira wa Ulaya. Hela ilikuwa nzuri kuliko picha yoyote. Lakini mpira hauchaguliwi. Ratiba inatoka huko, wewe unawasha tu. Mwaka wa kwanza nilionyesha mpira Jumamosi na picha siku nyingine. Mwaka wa pili, mtu mwenye picha yake nyumbani kwenye sidii hakuja tena siku nyingine. Nikajikuta ninauza kiti, siyo picha. Daftari langu la namba nikaliweka juu ya kabati. Mwaka 2009 nikauza deki na jenereta, nikarudi kwenye kahawa."

Hiyo ndiyo sehemu iliyoniuma kuliko zote. Vibanda umiza vipo mpaka leo, nenda wikiendi utavikuta vimejaa. Kilichokufa ni yule mtu wa pembeni ya deki. Leo muvi ikitoka, inakwenda kwenye duka la kuweka muvi kwenye flashi, kijana anakujazia 20 kwa mkupuo, hajaziona, na hatakuona ukikohoa. Dairekta anatengeneza Dar, anaangalia na washikaji zake, wanampigia makofi, basi. Kati yake na yule mama wa ndizi hakuna mtu tena. Ndiyo maana anaweza kukaa redioni akasema wanaangalia chochote. Hajawahi kukaa akiwatazama.

Ushauri wangu kwake ni wa bei rahisi sana na ninausema bila masihara. Kabla muvi yako inayofuata haijatoka, chukua nakala moja, panda basi, nenda sehemu kama Nkwenda msimu wa kahawa. Kodi ukumbi wa watu 60. Weka kiingilio, hata kidogo, maana mtu aliyeingia bure hatakwambia ukweli. Halafu usikae mbele na wageni rasmi. Kaa pembeni, mgongo ukutani, uso kwao, na daftari mkononi. Andika ni dakika ya ngapi mtu wa kwanza kakohoa.

Mzee anamalizia barua yake kwa mistari miwili, naiacha kama ilivyo: "Daftari bado ninalo, ila deki yake haipo, kwa hiyo namba hazina kazi. Lakini hiyo njia ya kukaa pembeni haihitaji deki."

Wewe wa mkoani, kwenu nani alikuwa anachagua picha, na picha gani ilijaza kibanda mpaka watu wakasimama? Tiririka.